Kununua bila zabuni: kwa nini sababu lazima iandikwe, na iandikwe vipi

Kila mara ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinapotoka, hupokea simu studioni kwetu swali lile lile kwa maneno tofauti. Msikilizaji amesikia kwamba hospitali, shule au idara fulani ya kaunti "ilinunua bila ushindani", na anataka kujua mbona hakuna aliyekamatwa. Jibu huwashangaza wengi: kununua kwa mtu mmoja, bila kutangaza zabuni, si kosa kwa sheria za Kenya. Kosa ni kufanya hivyo bila sababu inayokubalika, au kuwa na sababu lakini usiiandike.

Katika makala haya tunaeleza sababu hiyo inapaswa kuandikwa vipi. Tutatumia mfano mmoja mdogo wa maabara ya hospitali, kwa kuwa kwenye ununuzi mdogo ndiko tabia njema au mbaya ya ofisi huonekana mapema.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 227 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka taasisi za umma zinunue kwa mfumo wenye haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inafuata mkondo huo huo. Njia ya kwanza ni zabuni ya wazi. Njia nyingine yoyote inaruhusiwa tu pale masharti yake yanapotimia.

Njia inayoitwa ununuzi wa moja kwa moja iko katika kifungu cha 103 cha sheria hiyo. Kinaanza na onyo: njia hii isitumike kwa lengo la kukwepa ushindani. Kisha kinataja hali ambazo inakubalika. Kuna hali ya kitu kupatikana kwa muuzaji mmoja tu, au muuzaji huyo kuwa na haki ya kipekee, na hakuna mbadala wa maana. Kuna vita, machafuko au janga la asili. Kuna hitaji la haraka, ila hapa sheria imeweka kufuli: hali hiyo iwe haikuweza kutabirika, na isiwe imeletwa na uzembe wa ofisi yenyewe. Na kuna hali ya kuongeza vifaa vinavyopaswa kuoana na vile ambavyo taasisi tayari inavyo.

Ukisoma masharti hayo utagundua kwamba hakuna mahali palipoandikwa "kwa sababu tunamfahamu", "kwa sababu huduma yake ni nzuri" wala "kwa sababu mwaka wa fedha unaisha". Hayo ndiyo maneno yanayojaa kwenye mafaili ya ofisi nyingi.

Karatasi inachukua nafasi ya ushindani

Wauzaji watano wanapoleta bei zao katika bahasha zilizofungwa, ushindani wenyewe unatoa ushahidi. Mtu yeyote anaweza kuchukua bei tano, kuzipanga, na kuona kama aliyeshinda alistahili. Muuzaji akiwa mmoja, ushahidi huo haupo. Hakuna bei ya pili ya kulinganisha, hakuna mshindani aliyeshindwa ambaye angelalamika. Kinachobaki ni maelezo ya waliofanya uamuzi. Yasipoandikwa, hakuna chochote kinachotofautisha ofisa mwaminifu aliyekosa chaguo jingine na ofisa aliyempa binamu yake kazi. Mbele ya mkaguzi, wawili hao wanafanana.

Ndiyo maana kifungu cha 68 kinaitaka taasisi itunze kumbukumbu za kila ununuzi kwa angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika. Pale ambapo zabuni ya wazi haikutumika, kumbukumbu hizo lazima ziwe na sababu zake. Miaka 6 ni mingi katika maisha ya ofisi. Mkuu wa maabara atahamishwa, mkuu wa ununuzi atastaafu, gavana atabadilika. Anayekuja kuuliza atakuta faili tu, na faili ndilo litakalojibu.

Mwaka 2020 taifa zima lilipata funzo hilo. Mamlaka ya usambazaji wa vifaa vya matibabu, KEMSA, ilinunua vifaa vya kujikinga dhidi ya korona moja kwa moja kutoka kwa kampuni ilizozichagua. Dharura ilikuwepo, hakuna aliyekana kwamba ugonjwa ulikuwa unaua. Lakini ukaguzi maalumu uliofanywa mwaka huo ulionyesha kwamba kampuni zilipewa barua za ahadi ya kununuliwa bidhaa zao kabla ya taratibu za ununuzi kufanyika, na kwamba vifaa vya zaidi ya shilingi bilioni 6 vilikuwa bado vimelala maghalani. Dharura inaweza kueleza kwa nini hukutangaza zabuni. Haielezi kwa nini ulichagua kampuni hii na si ile, kwa nini kiasi hiki, wala kwa nini bei hii. Maswali hayo matatu yanahitaji majibu yaliyoandikwa kabla ya ahadi kutolewa.

Mfano: maabara inayoishiwa vitendanishi

Tubuni hospitali ya kaunti ndogo. Maabara yake ina mashine ya kuhesabu chembe za damu, iliyonunuliwa kwa zabuni ya wazi miaka minne iliyopita. Mashine hiyo inatumia vitendanishi, yaani kemikali maalumu za kupimia. Kila chupa ina alama ambayo mashine huisoma kabla ya kufanya kazi. Ukiweka chupa ya kampuni nyingine, mashine inakataa. Wataalamu wa maabara huita mfumo wa aina hii mfumo uliofungwa.

Maabara hupima wagonjwa wapatao 1,200 kwa mwezi. Kifurushi kimoja cha vitendanishi kinatosha vipimo 600, kwa hiyo vinahitajika viwili kila mwezi. Mkataba wa ugavi umekwisha, na vifurushi vilivyobaki vitatosha wiki tano. Mkuu wa maabara anaandika hivi:

"Kutokana na dharura iliyopo, na kwa kuwa kampuni hii tumefanya nayo kazi kwa muda mrefu na huduma zake ni za kuridhisha, tunaomba idhini ya kununua vitendanishi kutoka kwayo moja kwa moja."

Barua hii inaonekana ya kawaida, lakini ina shida katika kila kipande chake.

Kwanza, si dharura. Daftari la stoo linaonyesha matumizi ya kila mwezi, na tarehe ya mkataba kwisha ilijulikana tangu siku uliposainiwa. Kufuli ya kifungu cha 103 inafunga mlango huo. Ofisa anayeandika "dharura" hapa anaweka saini yake juu ya jambo ambalo daftari la stoo la hospitali hiyo hiyo linalikanusha. Pili, uhusiano wa muda mrefu si sababu ya kisheria, na mara nyingine ndio unaomfanya mkaguzi akaze macho. Tatu, barua haisemi kiasi wala muda. Ikipitishwa, inaweza kununuliwa nayo shehena ya miezi mitatu au ya miaka mitatu.

Sababu ya kweli ipo, ila hakuiandika. Mashine inakubali vitendanishi vya aina moja tu. Hiyo ni hoja ya vifaa kuoana, na sheria inaitambua. Lakini inapoitambua inataka mambo manne yazingatiwe: kama ununuzi wa awali ulikidhi mahitaji, kama kinachoongezwa sasa ni kidogo kikilinganishwa na ununuzi wa awali, kama bei ni ya haki, na kama mbadala haufai. Barua nzuri ni ile inayojibu manne hayo, moja baada ya jingine.

Aina moja si muuzaji mmoja

Kabla ya kuandika, kuna swali ambalo ofisi nyingi huliruka. Kwamba mashine inahitaji vitendanishi vya mtengenezaji mmoja haimaanishi kwamba muuzaji ni mmoja. Mtengenezaji anaweza kuwa na mawakala watatu nchini. Ikiwa ni hivyo, hakuna ununuzi wa moja kwa moja hapo. Kuna ombi la bei linalopelekwa kwa wote watatu, na ushindani unarudi mezani ingawa bidhaa ni ile ile.

Atakayejibu swali hilo asiwe muuzaji mwenyewe. Barua ya kampuni inayosema "sisi ndio wakala pekee" ni maneno ya mtu anayeuza. Ushahidi unaokubalika ni barua kutoka kwa mtengenezaji, yenye tarehe, inayotaja nchi ya Kenya na muda wa uwakala huo. Barua ya miaka minne iliyopita haitoshi, kwa sababu uwakala hubadilika. Mkuu wa ununuzi amwandikie mtengenezaji moja kwa moja, na jibu liwekwe kwenye faili pamoja na swali lake.

Tuseme jibu limekuja: wakala ni mmoja. Sasa mkuu wa maabara anaweza kuandika.

Barua iliyokamilika

Aya ya kwanza inaeleza hitaji kwa hesabu. "Maabara hupima wagonjwa 1,200 kwa mwezi na hutumia vifurushi 2. Tunaomba vifurushi 6, vya kutosha miezi mitatu." Anaambatisha nakala ya daftari la stoo.

Aya ya pili inataja kifungu na kipande chake. "Ombi hili liko chini ya hali ya vifaa kuoana, kifungu cha 103. Mashine husoma alama ya chupa na kukataa bidhaa nyingine, kama inavyoelezwa katika mwongozo wa mashine, nakala imeambatishwa. Mashine imefanya kazi kwa miaka minne na inaendelea kukidhi mahitaji." Hatumii neno dharura popote, kwa sababu halihitaji.

Aya ya tatu inaeleza mbadala uliofikiriwa na kwa nini umekataliwa. Aya hii ndiyo inayokosekana zaidi, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. "Tulifikiria kupeleka sampuli maabara ya nje. Bei waliyotupa ni shilingi 450 kwa kipimo, sawa na shilingi 540,000 kwa mwezi, na majibu hurudi kesho yake. Kwa vitendanishi vyetu gharama ni takriban shilingi 100 kwa kipimo, sawa na shilingi 120,000 kwa mwezi, na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Tulifikiria pia mashine nyingine. Haimo katika bajeti ya mwaka huu." Anayesoma anaona kwamba mwandishi alitafuta njia ya kutoka kabla ya kusema haipo.

Aya ya nne inashughulikia bei. Bila washindani, bei hupimwa kwa vitu vingine: bei iliyolipwa mara ya mwisho, bei waliyolipa wengine, na bei za soko zinazochapishwa na mamlaka ya ununuzi wa umma pale bidhaa hiyo inapopatikana humo. Katika mfano wetu muuzaji alidai shilingi 66,000 kwa kifurushi. Mwaka jana hospitali ililipa 57,000, na hospitali ya kaunti jirani ilionyesha stakabadhi ya 58,500. Akiwa na karatasi hizo mbili, anayejadiliana ana kitu cha kushika mkononi.

Aya ya tano inasema lini njia hii itafungwa. "Ununuzi huu ni wa miezi mitatu. Katika muda huo zabuni ya mkataba mpya itatangazwa." Bila aya hii, ruhusa ya mara moja hugeuka mazoea.

Nani asaini, na kwa mpangilio gani?

Barua ya maabara ni ombi tu. Maabara haiwezi kujipitishia. Mkuu wa ununuzi huandika maoni yake ya kitaalamu, akisema kama anakubaliana na sababu iliyotolewa na kama amethibitisha suala la wakala. Afisa mhasibu, yaani yule anayebeba dhamana ya fedha za taasisi, ndiye anayetoa idhini.

Idhini ya njia haimalizi kazi. Kifungu cha 104 kinataka muuzaji apewe hati ya zabuni hata akiwa peke yake, ili ajue anajibu nini. Kinataka kamati maalumu iteuliwe kujadiliana naye. Kinataka idhini zote ziwe zimepatikana, na mkataba uwe wa maandishi, umesainiwa na pande zote mbili. Katika mfano wetu kamati inakaa na muuzaji, inamwekea stakabadhi mezani, na bei inashuka hadi shilingi 60,000. Kwa vifurushi 6 jumla ni shilingi 360,000 badala ya 396,000. Muhtasari wa kikao unaandika bei ya kwanza, bei ya mwisho, na kwa nini kamati ilikubali kulipa zaidi ya mwaka jana. Kila mjumbe anatamka kwa maandishi kama ana maslahi yoyote na kampuni hiyo.

Kisha kuna tarehe. Ombi kwanza, maoni ya mkuu wa ununuzi, idhini, majadiliano, mkataba, ndipo oda. Mkaguzi hupanga karatasi kwa tarehe kabla hajasoma neno. Oda ya tarehe 4 na ombi la tarehe 19 ya mwezi huo huo zinasema kwamba uamuzi ulifanywa kwanza na sababu ikatafutwa baadaye. Hata sababu hiyo ikiwa ya kweli, imeshapoteza uzito. Na ofisa akijaribu kurudisha tarehe nyuma, amehama kutoka kosa la utaratibu hadi kughushi.

Dalili ambazo mwananchi anaweza kuziona

Huhitaji kuwa mhasibu ili utambue sababu iliyopikwa. Angalia kama maneno yanaweza kuhamishiwa ununuzi mwingine wowote bila kubadilishwa. Sababu ya kweli ina jina la mashine, idadi na tarehe. Angalia kama "dharura" ya mwaka huu ilitokea mwezi ule ule mwaka jana. Angalia kama ununuzi umekatwa vipande vidogo vidogo, jambo ambalo kifungu cha 54 kinalikataza. Na angalia kama sifa za bidhaa zimenakiliwa kutoka kwenye kijitabu cha muuzaji mmoja, kiasi kwamba hakuna mwingine angeweza kuzitimiza. Hapo upekee haukukutwa sokoni. Umetengenezwa ofisini.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu ziko wazi kwa umma. Kwa lisilokuwemo, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuandika na kuomba, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Mkataba ukishatolewa, omba jambo mahususi: barua ya sababu za kutotumia zabuni ya wazi na tarehe yake. Ombi la "nyaraka zote" hurudi na visingizio. Ombi la karatasi moja ni gumu kulikwepa.

Tatizo lilianza wapi?

Turudi nyuma miaka minne. Zabuni ya mashine ile ilikuwa ya wazi na ilishindaniwa. Lakini kilicholinganishwa kilikuwa bei ya mashine peke yake. Hakuna aliyeuliza vitendanishi vitagharimu kiasi gani kwa miaka mitano, wala kama vitapatikana kwa wauzaji zaidi ya mmoja. Kwa bei ya sasa, vifurushi 24 kwa mwaka ni shilingi 1,440,000, na kwa miaka mitano ni 7,200,000. Mashine ya bei rahisi, hata ile inayotolewa bure kwa sharti la kununua kemikali zake, inaweza kuwa ghali kuliko zote. Siku hospitali iliposaini, ilijifunga kwa muuzaji mmoja bila kulitamka.

Hapa ndipo barua za sababu zinapokuwa na faida ya pili. Hospitali iliyoandika vizuri kila mara ilipolazimika kununua kwa mmoja itakuwa na rundo la karatasi zinazosema jambo moja: tumefungwa na mashine hii. Rundo hilo ndilo hoja ya kuandika zabuni ijayo kwa namna nyingine, ambapo wazabuni wanashindana kwa bei ya mashine na vitendanishi vyake vya miaka mitano kwa pamoja.

Barua nzuri haimzuii mwongo kusema uongo. Lakini inamlazimu auandike kwa hesabu, aweke tarehe na jina lake, na kuuacha kwenye faili kwa miaka 6. Wengi wanaoweza kusema "ni dharura" kwa mdomo husita wanapotakiwa kuandika ni dharura gani, ilianza lini, na kwa nini daftari la stoo halikuiona ikija.